Kalemie: Dola imeshuka, mbona bidoni haishuki?

Kalemie – Swali hili liliulizwa sana sokoni mwishoni mwa mwaka 2025, na mpaka leo linaulizwa. Kwa miezi mingi dola moja ilikuwa inazunguka juu ya franka 2,800. Kuanzia mwisho wa mwezi wa tisa ikaanguka, na kwa wiki chache tu ikawa chini ya 2,500. Watu walifurahi. Walioishi kwa franka, hasa familia za wahami zinazopata kibarua cha siku na kulipwa kwa franka, walitegemea kwamba kila kitu kinachovuka ziwa kutoka Kigoma kitashuka vilevile. Vingine vilishuka kidogo. Bidoni mpya ya litre 20 ilishuka kwa shida sana.

Mama mmoja anayeuza sufuria na bidoni karibu na bandari amelisikia swali hili mara nyingi kuliko wengi. Wateja wake wakubwa ni wahami waliotoka Nyunzu na upande wa Fizi, watu waliokimbia bila chombo cha kuchotea maji. Mmoja wao, mama wa watoto watano, alimwambia waziwazi: “Mama, mbele ulikuwa unauza 14,500 wakati dola ni 2,850. Leo dola ni 2,400. Mimi sikusoma sana, lakini najua bidoni yako inapashwa kuwa 12,200. Unatuibia.”

Hesabu ya yule mama mhami ilikuwa sahihi kabisa. Chukua 14,500, gawanya kwa 2,850, zidisha kwa 2,400, utapata 12,200 na kitu. Muuzaji hakumkatalia. Alimwambia tu: “Mama yangu, kaa kwanza,” akafungua daftari lake. Kilichomo ndani ya daftari hilo ndicho wengi hawakijui, na hata wauzaji wengi hawakijui, ndiyo maana mitaji inaisha bila mtu kuona imekwendea wapi.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Alivuka kwenda Kigoma na kununua seti 20 za sufuria za aluminium, zile zinazoingiana moja ndani ya nyingine, na bidoni 100 mpya. Seti moja ilikuwa shilingi za Tanzania 48,000, bidoni moja 4,800. Jumla shilingi 1,440,000. Nambari zinazofuata zimesawazishwa kidogo ili zishikike kichwani, lakini njia ya kuhesabu ni ileile ya daftari.

Jambo la kwanza lilitokea kabla hajanunua kitu. Kwenye kibao cha duka la kubadilisha pesa dola iliandikwa shilingi 2,500. Lakini yeye alikuwa na noti za dola 20 na 10, nyingine zimekunjwa na kuchoka, kwa sababu ndizo alizokusanya Kalemie kidogokidogo. Kwa noti ndogo na za zamani Kigoma hawatoi bei ya kibao. Walimpa 2,400. Kwa hiyo shilingi 1,440,000 zilimtoa dola 600. Kama angehesabu kwa bei ya kibao, angeandika dola 576, na dola 24 zingepotea ndani ya daftari siku ya kwanza tu. Yeye aliandika 2,400, kwa sababu ndiyo bei aliyolipa. Ile ya kibao ni habari tu. Basi seti moja ya sufuria imetoka dola 20, na bidoni moja dola 2.

Dola 2. Hapo ndipo wateja wengi wanapokomea wakisikia habari za Kigoma. “Huko ni dola mbili tu!” Ni kweli.

Boti ilimdai dola 100 kwa mizigo 25, yaani dola 4 kwa kila mzigo, bila kuuliza ndani kuna nini. Mwenye boti anauza nafasi. Sufuria 20 zilifungwa katika mizigo 5, seti nne kwa kila mzigo. Bidoni 100 zilifungwa tano tano, zikatoka mizigo 20. Angalia sasa: sufuria ambazo zina thamani ya dola 400 zimechukua mizigo 5, na bidoni zenye thamani ya dola 200 zimechukua mizigo 20. Bidoni tupu ni kusafirisha hewa. Haiingii ndani ya mwenzake, huwezi kuikunja, na huwezi kuweka kitu cha maana ndani yake kwa sababu mdomo ni mdogo.

Kwa hiyo usafiri wa sufuria ni dola 20, ambayo ni dola 1 kwa seti. Usafiri wa bidoni ni dola 80, senti 80 kwa bidoni moja. Kitu cha dola 2 kimebeba senti 80 za boti kabla hakijagusa mchanga wa Kongo, karibu nusu ya bei yake. Seti ya dola 20 imebeba dola 1 tu.

Zamani mama huyu hakuhesabu hivyo. Alifanya kama wanavyofanya wengi pale bandarini. Wanajumlisha pesa zote za safari, wanaona kila dola ya Kigoma imegeuka kuwa dola ngapi Kalemie, kisha wanazidisha kila kitu kwa nambari hiyo moja. Ni njia rahisi, na inafaa kabisa kama umeleta kitu cha aina moja. Ukichanganya kitu kidogo cha bei kubwa na kitu kikubwa cha bei ndogo, inadanganya. Kwa njia hiyo sufuria inalipia boti ya bidoni. Bidoni inaonekana ya bei nafuu, unaiuza kwa furaha, inaisha haraka. Sufuria inaonekana ghali, unakataa bei nzuri ya mteja, inabaki inalala depo na kukusanya vumbi. Mwisho wa mwezi mwenyewe anasema biashara imetembea, bidoni zote zimeisha, na bado hana pesa ya kurudi Kigoma na mizigo ileile. Dalili ni hiyo. Bidhaa inayokimbia sana kuliko ya jirani mara nyingi inauzwa chini ya gharama yake.

Sasa duane. Mizigo ikifika Kalemie, haihesabiwi ushuru kwa bei ya duka la Kigoma peke yake. Thamani ya duane ni bei ya kununulia pamoja na usafiri mpaka kufika mpakani, na bima kama ipo. Maana yake zile dola 100 za boti nazo zinatozwa. Thamani yake ilikuwa dola 700: sufuria 420, bidoni 280. Kwa bidhaa zilizokamilika kama hizi, tarifa ya Kongo ni ushuru wa 20 kwa mia. Ukitoa huo, unapata dola 140.

Halafu inakuja TVA, ambayo nchi ilianza kuitoza mwezi wa kwanza mwaka 2012, 16 kwa mia. Hapa watu wengi wanajumlisha 20 na 16 na kusema 36. Sivyo. TVA inahesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya dola 840. Inatoka dola 134 na senti 40. Jumla ya vyote viwili ni dola 274 na senti 40, ambayo ni 39.2 kwa kila 100 ya thamani. Kampuni kubwa iliyoandikishwa TVA inaweza kuikata kwenye ile inayokusanya kwa wateja wake. Mama wa sokoni hawezi. Kwake TVA ni gharama kama gharama nyingine, inaingia ndani ya bidoni na kukaa humo.

Wapo wanaosema: Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa nini basi bidhaa za Tanzania zinalipa? Hata ukiliacha suala la utekelezaji wa mambo ya jumuiya hiyo, kuna jibu moja linalotosha kwa sufuria hizi: zimetengenezwa China. Kununuliwa Kigoma hakuzifanyi kuwa za Tanzania. Duane inaangalia kitu kimetengenezwa wapi, na hilo lazima lithibitishwe kwa karatasi.

Nambari ile ya 39.2 mama ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari, na sababu yake inafaa kuelezwa. Wauzaji wadogo hawana kila mmoja dosie yake duane. Wanajikusanya, mizigo ya watu saba au nane inawekwa pamoja, deklaran mmoja anaitengenezea karatasi moja, analipa, kisha anawagawanyia. Swali ni anagawanya namna gani. Siku moja deklaran mmoja aligawanya kwa idadi ya mizigo. Katika kundi lile kulikuwa na mtu aliyeleta simu katika mizigo miwili, na mama aliyekuwa na mizigo 20 ya bidoni. Bidoni zikalipia ushuru wa simu. Hakuna aliyeiba kwa maana ya kuiba, ila mwenye simu alikaa kimya, na mwenye bidoni hakujua. Tangu hapo mama anaomba kuona karatasi ya duane yenyewe, mstari wa bidhaa zake, thamani iliyoandikwa pale. Anaizidisha kwa 0.392. Akiambiwa alipe zaidi ya hapo kama ushuru na TVA kwa bidhaa za tarifa ya 20, anauliza. Usafiri unagawanywa kwa nafasi, ushuru unagawanywa kwa thamani. Ukigeuza, kuna mtu anamlipia mwenzake.

Anaangalia pia ile thamani yenyewe. Faktire ya Kigoma ikiwa haisomeki vizuri au haina mhuri, ofisi inaweza kuikataa na kuweka thamani yake nyingine iliyo juu zaidi, na hapo 39.2 inahesabiwa juu ya pesa ambayo hukuilipa kamwe. Kwa hiyo anamsumbua mwenye duka Kigoma mpaka aandike faktire safi, bidoni mstari wake, sufuria mstari wake. Wenye duka hawapendi. Anasubiri hapohapo.

Na ushuru ule unalipwa kwa franka. Hapa ndipo kushuka kwa dola kulikomuumiza mara ya kwanza, ingawa watu wote walikuwa wanasherehekea. Duane inageuza thamani kuwa franka kwa kiwango chake rasmi cha wakati ule. Kambisti wa barabarani ana kiwango chake cha saa ile. Pesa ikitembea polepole, viwango hivi viwili vinakaribiana na hakuna anayejali. Ikianguka kwa kasi, kile rasmi kinaweza kubaki nyuma. Katika daftari la mama, duane imehesabu kwa 2,600 wakati kambisti alikuwa ananunua dola kwa 2,400. Ushuru wa dola 274 na senti 40 ukawa franka 713,440. Ili kupata franka hizo kwa kambisti alitoa dola 297. Karibu dola 23 zimeongezeka, na hakuna ofisi iliyozipokea. Zilipotea katikati ya viwango viwili. Aliyekuwa na franka zake tayari nyumbani hakupoteza kitu siku hiyo. Yeye alikuwa ameweka dola, akidhani dola ndiyo salama.

Vitu vidogo vilivyobaki havihitaji maneno mengi. Deklaran, OCC na mambo ya bandari vilitoka dola 50. Wabeba mizigo na pusipusi mpaka depo, dola 25, dola moja kwa kila mzigo, kwa hiyo bidoni tena zikabeba sehemu kubwa. Nauli yake mwenyewe ya kwenda na kurudi, karatasi ya kuvukia, kulala na kula Kigoma, dola 60. Wengi hawaandiki hii ya mwisho. Wanasema “ni mimi mwenyewe.” Lakini bila yeye kupanda boti bidoni zisingefika, na pesa ile ilitoka mfukoni mulemule. Zile 50 na 60 alizigawanya kwa thamani, 60 kwa mia kwa sufuria na 40 kwa bidoni.

Kisha akahesabu bidoni zilizofika. Zilikuwa 96. Nne zilibanwa na magunia ya watu wengine, zikapasuka kwenye kona. Boti hairudishi pesa. Ushuru nao ulihesabiwa kwa 100, kwa kuwa karatasi inasema 100. Basi pesa zote za bidoni, ambazo zilifika dola 463, hazigawanywi kwa 100. Zinagawanywa kwa 96, kwa sababu ni 96 tu zitakazouzwa. Inatoka dola 4 na senti 82. Seti ya sufuria, kwa njia hiyohiyo, inatoka dola 33 na senti 47.

Kitu cha dola 2 kimekuwa cha karibu dola 5, na kitu cha dola 20 hakikufika 34. Ile njia yake ya zamani ya kuzidisha kila kitu kwa nambari moja ingempa bidoni ya dola 3 na senti 77. Angeiuza franka 11,000 na kuona anapata faida ya karibu franka 2,000. Kumbe franka 11,000 kwa 2,400 ni dola 4 na senti 58. Kila bidoni ingeondoka na senti 24 za mtaji wake.

Yule mama mhami alikuwa bado amekaa. Akasema: “Sawa. Dola 4 na senti 82, mara 2,400, ni 11,600 hivi. Nikikulipa 12,200 unapata faida. Kwa nini unakataa?” Watu wanaodharau hesabu za wahami wangekuwepo pale siku ile.

Jibu lilikuwa katika ukurasa wa mwisho, ambao mama muuzaji alisita kidogo kuuonyesha. Dola zote za safari hazikuwa zake. Aliazima franka 1,425,000 kwenye kikundi chao cha akiba na mkopo, AVEC ya mtaa. Alizichukua wakati dola ni 2,850, akampelekea kambisti, akapata dola 500 kamili. Safari ikaenda, ikarudi. Deni linalipwa kwa franka, zilezile 1,425,000. Lakini sasa kila dola anayoitoa inampa franka 2,400 tu. Ili kurudisha deni lilelile anahitaji dola 594. Dola 94 zimeongezeka juu ya deni, na hapo faida ya kikundi haijawekwa.

Miaka iliyopita mambo yalikuwa kinyume. Franka ilikuwa inashuka mwaka hata mwaka, na aliyeazima franka na kununua bidhaa kwa dola alifurahi, kwa sababu deni lilikuwa linayeyuka lenyewe. Wauzaji walizoea. Wakaona mkopo wa franka ni rafiki. Mwaka 2025 ukawakuta wamezoea hivyo, na kwa wiki chache waliokuwa na deni la franka na bidhaa za dola wakashikwa pande zote mbili: mteja anasema dola imeshuka, punguza; kikundi kinasema franka ni zilezile, lipa. Mwenye dola zake mwenyewe hakuguswa na hili. Ndiyo maana bidoni mbili zilizotoka duka moja la Kigoma na kupanda boti moja zilikuwa na gharama mbili tofauti sokoni Kalemie. Dola ya mkopo haikununuliwa kwa bei moja na dola ya mfukoni.

Ukizigawanya hizo dola 94 juu ya mizigo yote kwa kadiri ya gharama yake, bidoni inaongezewa senti 40. Inakuwa dola 5 na senti 22, ambayo ni franka 12,500 na kidogo. Kwa hiyo 12,200 ya mama mhami, ambayo kwa hesabu ya kawaida ilikuwa ya haki, ilikuwa chini ya kile bidoni ilichomgharimu yule muuzaji.

Wako wanaosema hasara ya mkopo haipashwi kuingizwa ndani ya bei ya bidoni, kwamba ni mambo ya mkopaji na mteja hahusiki. Wana haki kwa upande mmoja. Jirani yake aliyeleta bidoni bila mkopo anaweza kuuza 12,000 na kuishi, na soko halimwulizi mtu gharama zake. Hawezi kuandika 13,500 na kungoja huruma. Lakini kuiacha nje ya daftari ni jambo lingine. Akiiacha nje, atadhani amepata faida, ataila, na siku ya kulipa kikundi atauza sufuria kwa hasira. Yeye anaiandika kwenye mstari wake peke yake, chini ya gharama nyingine, ili ajue ni kiasi gani kimetokana na mzigo na ni kiasi gani kimetokana na pesa.

Aliuza bidoni kwa 12,200. Ilikuwa dola 5 na senti 8, hasara ya senti 14 kwa moja, kama dola 13 kwa zote 96. Kilichomwokoa ni sufuria. Zamani, kwa ile njia ya kuzidisha, angeamini seti moja imemgharimu karibu dola 38, kabla hata ya deni, na angemfukuza kila mteja wa 38. Sasa alijua kwamba hata pamoja na sehemu ya deni seti haikufika 36 na nusu. Walipokuja wanawake wawili wenye mgahawa wakatoa 38, hakusita. Seti 20 zilimletea faida ya dola 35. Safari nzima ilibaki na dola 22 hivi. Ni kidogo sana kwa siku zote zile na usiku wa ziwani, lakini mtaji ulirudi mzima na kikundi kililipwa siku yake.

Amebadilisha mambo mawili. Sasa kikundi kikimpa franka, anajaribu kuzitumia kwa vitu vinavyolipwa kwa franka, ushuru kwanza, na dola zake mwenyewe anazipeleka Kigoma. Kwa njia hiyo sehemu kubwa ya deni haivuki ziwa na haibadilishwi mara mbili. Haiwezekani kila mara, kwa sababu mkopo unatoka siku ya mkutano wa kikundi na ushuru unangoja siku boti inapofika, na franka zikikaa nyumbani zina hatari zake nyingine.

Jambo la pili linahusu bidoni zenyewe, na lilitoka kwa yule mama mhami. Aliuliza kwa nini bidoni za njano za mafuta ya kupikia, zile zilizokwisha kutumika, zinauzwa kwa karibu nusu ya bei ya mpya, wakati nyingi ni nzito na ngumu kuliko mpya. Muuzaji alianza kusema ni kwa sababu ni za zamani. Akanyamaza. Akaangalia daftari lake, ule mstari wa senti 80. Bidoni ya mafuta ilivuka ikiwa imejaa. Nafasi yake ndani ya boti ililipwa na mafuta, ushuru wake ulilipwa ndani ya thamani ya mafuta, na mla mandazi alishamaliza kuyalipia yote. Ilipobaki tupu, haikuwa na boti wala duane ya kudai tena.

Siku hizi anazinunua kwa mama wanaokaanga mandazi na samaki, bidoni tano au kumi kwa wiki. Zinasuguliwa kwa mchanga, majivu na maji ya moto mpaka harufu ya mafuta itoke, na kazi hiyo inafanywa na yule mama mhami na binti yake mkubwa, kwa malipo ya kila bidoni. Kifuniko kikipotea wanatafuta kingine, maana bidoni bila kifuniko haibebeki kichwani mpaka kambini. Zilizobeba dawa za shamba, mazuti au sabuni ya maji hazichukuliwi hata kwa bure. Kigoma anaendelea kwenda, lakini katika mizigo 25 ya safari iliyofuata bidoni mpya zilikuwa mizigo mitatu tu, kwa wale wanaotaka mpya kabisa. Wanaambiwa bei yake, na wakiuliza sababu, daftari lipo chini ya meza.